De tan ao katre tan: tuhesabu mbele ya kutoa feza ya moto

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama munaochunga feza ya nyumba,

Kila mwisho wa mwaka, primi inapotoka, ku biro ya sindika ulizo linakuwa moja: tununue moto gani? Basi ya kampuni haipite mu kila kartye, posti ya asubui inaanza mapema, na mutu anayekaa mbali analipa manseba kwenda na kurudi mpaka mushahara unakatika. Kwa hiyo watu wanataka moto yao wenyewe, na wengi wanataka tena kuipatia manseba muchana wakati wao wako mu kazi, ili vesema ya kila siku isaidie nyumba. Hiyo ni haki yao.

Lakini tunaona watu wengi wananunua kwa macho. Mu soko ya Kolwezi na Likasi kuko aina mbili. Kuko moto za okazio, zile Yamaha AG 100 na DT 125 zilizotumika zamani na wa agronome, wa misioni na wa projet, ambazo zinauzishwa kwa bei ya chini. Hizo ni de tan. Na kuko moto mpya za Buhindi na za Shina, kama TVS, Boxer na zingine, ambazo ni katre tan na bei yao inaweza kufika mara mbili. Mununuzi anaangalia bei, anasikia muzee wa kartye anasema "de tan haikufake," na anatoa feza. Kisha miezi michache anakuja ku sindika kuomba avansi ya kutengeneza.

Sisi tuko na mawazo yetu, na tutayasema wazi: kwa mutu atakayeipatia manseba, katre tan njo ya kununua. Kwa mutu anayeenda nayo posti tu na kurudi, hesabu ni ingine, na tutaionyesha pia. Lakini mbele ya hesabu ni lazima tuelewe moteri yenyewe inafanya nini, kwa maana maneno yote ya moshi, ya kudumu na ya kutengeneza yanatokea pale.

Mu de tan, pisto ikipanda na kushuka mara moja tu, moto imekwisha kuwaka. Haiko na supapi. Esanse na hewa zinaingia kwanza mu tumbo la moteri, mu karteri, fasi ambayo vilebreke inazunguka, kisha pisto inazisukuma juu kupitia matundu ya silinda. Basi, kwa sababu karteri ni njia ya esanse, mafuta ya moteri hayawezi kukaa pale. Ni lazima yasafiri pamoja na esanse, yapake vyuma njiani, kisha yaungue na kutoka ku eshapema. Hapo munaelewa moshi ya bulu inatoka wapi. De tan haivute moshi kwa sababu ni mugonjwa. Njo vile iliumbwa.

Mu katre tan, pisto inapanda na kushuka mara mbili mbele ya moto kuwaka tena. Supapi moja inafungua njia ya kuingia, ingine inafungua njia ya kutoka. Esanse haipite mu karteri hata kidogo. Kwa hiyo mafuta yanakaa pale chini, pompi inayazungusha, yanarudi, yanazunguka tena. Hayaungui, lakini yanachafuka na yanachoka. Ndiyo sababu ya vidanji.

Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini tuifuate mpaka ku nyumba.

Watu wengi wanafikiri ubaya wa moshi ya de tan ni mafuta yanayoungua tu. Kuko jambo kubwa zaidi. Wakati esanse mpya inaingia mu silinda, tundu la kutokea lingali wazi, kwa hiyo sehemu ya esanse hiyo inakimbia inje bila kuwaka. Inaweza kufika robo na zaidi ya ile uliyonunua. Unailipa ku pompi, halafu inatoka mbichi ku eshapema, na mutoto anayekaa nyuma ya baba yake anaivuta. Mu Dhaka, muji mukubwa wa Bangladesh, serkali ilitoa taksi zote za magurudumu matatu za de tan mu barabara tangu mwanzo wa mwaka 2003, na watu walisema macho yaliacha kuwaka. Hapa kwetu hakuna sheria ya namna hiyo inayotusukuma. Kila mununuzi anajisukuma mwenyewe.

Na sisi tuko na desturi ambayo inazidisha jambo hili: moto inalala mu nyumba, kwa kuogopa wezi. Inalala mu salo, na watoto wanalala mu salo. De tan ya zamani inaacha harufu ya esanse usiku mzima, na kama robine ya esanse haikufungwa, karbiratere inatiririka kidogo kidogo. Kisha mama anaamuka saa kumi na kuwasha mbabula. Wamama, muangalie robine ile. Inaonekana pale chini ya rezervwari, upande wa kushoto mara nyingi, na ikifungwa, kijiti chake kinaangalia fasi iliyoandikwa OFF.

Lakini tusiseme kwamba katre tan haina sumu. Inatoa moshi ambayo macho hayaione na pua haisikie, na moshi ile, ikijaa mu nyumba iliyofungwa, inaua mutu akiwa mu usingizi. De tan inatoa hiyo pia. Mu mwezi wa juni na julai, baridi ikiwa kali, watu wanawasha moto ndani ili ipate joto, mulango ungali umefungwa, kwa sababu mupya wao "hautoe moshi". Hapana. Musukume moto mpaka inje, mufunge mulango nyuma yenu, kisha mupige kiki. Hapo katre tan na de tan ni sawasawa.

Sasa, kudumu. Wazee wanaosema "de tan haikufake" hawaseme uongo. AG 100 iliundwa kwa watu wa mashamba, na ilitembea miaka mingi mu vijiji vyetu. Lakini tujiulize nani aliichunga. Ilikuwa ya biro, biro ilikuwa na magasini ya piesi, na agronome alikuwa anaenda mwendo wa pole, mutu mumoja juu, pengine na mufuko wa mbegu. Hakuwa anabeba watu watatu na mufuko wa unga mu vumbi la makamio. Moto ile ile, ukiiweka mu barabara ya makariera leo, haiishi maisha yale.

Vumbi njo adui wa kwanza, na hapa de tan iko na uzaifu ambao watu wengi hawajue. Hewa yake yote inapita mu karteri, karibu na rulema za vilebreke na kichwa cha biele. Filtri ikipasuka ao ikitolewa "ili moto ivute muzuri", vumbi la mawe linaenda mpaka mule, na linasaga vyuma ambavyo haviwezi kubadilishwa bila kupasua moteri nzima. Mu katre tan, vumbi litakula silinda, segma na supapi, ni mbaya pia, lakini rulema za chini zinaogeshwa na mafuta na hewa ile haizipitie. Filtri ile laini kama eponji inaoshwa mu petroli ya taa ao mu maji ya sabuni, inakauka, inapakwa mafuta kidogo, inakamuliwa, inarudishwa. Mu vumbi letu, ifanyike kila juma. Haigarimu kitu.

Adui wa pili ni mafuta kukosa. Zile Yamaha ziko na rezervwari ya pembeni ya mafuta na pompi ndogo inayoyachanga na esanse yenyewe. Hesabu ya kawaida ya de tan ni kama sehemu moja ya mafuta juu ya sehemu 50 za esanse, maana yake mililitri 20 mu kila litri. Pompi ikichoka, fundi wengi wanaitoa, na munaanza kuchanga kwa mukono mu bidon. Hapo mambo yanaharibika. Mumoja anaogopa, anaweka mara mbili, buji inajaa makaa na eshapema inaziba, moto inapoteza nguvu mu kilima. Mwingine anaishiwa na esanse mu njia, ananunua chupa kwa kadafi, hauliza kama iko na mafuta ao hapana, anamwaga, anaenda. Kilometa chache, pisto inashika mu silinda, gurudumu la nyuma linafunga, na mutu anaanguka. Tulitembelea wandugu ku hopitali kwa ajali ya namna hiyo.

Kuko tena hatari ya mushuko murefu. Ukifunga gazi na kuiacha moteri izuie moto, de tan inazunguka kwa nguvu lakini esanse inayoingia ni kidogo, na mafuta yanayokuja nayo ni kidogo vilevile. Pisto inakauka. Wale wa zamani walijua: mu mushuko walikamata ambrayaji ao walifungua gazi kidogo mara kwa mara. Manseba wa leo, kijana aliyezaliwa mu katre tan, nani alimufundisha hiyo?

Katre tan, yenyewe, inakufa namna ingine. Inakufa kimya.

Tutoe mufano. Ndugu mumoja wa posti ya usiku, ku Kolwezi, alinunua katre tan mpya ya 125 kwa feza ya primi na ya likelemba. Akaipatia manseba, kijana muzuri, analeta vesema kila jioni bila kukosa. Mu makubaliano walisema esanse ni ya manseba, piesi ni za mwenye moto. Juu ya mafuta ya moteri hawakusema neno. Manseba akafikiri ni kazi ya mwenye moto. Mwenye moto akafikiri kijana anaweka. Moto ile ilibeba litri moja tu ya mafuta mu karteri. Ilitembea kilometa mia kila siku, ikichukua wawili na watatu. Kisha mwezi wa tatu mafuta yalikuwa meusi na mazito kama lami. Kisha mwezi wa tano kijiti cha kupimia hakikugusa kitu tena. Moto haikulalamika: haikupunguza mbio, haikutoa moshi mingi, haikukataa kuwaka. Mu mwezi wa saba ilianza kupiga ta-ta-ta ku kichwa, fundi akasema ni supapi, akakaza. Juma mbili nyuma, ikasimama mu barabara.

Walipofungua, mafuta hayakuwa yanapanda tena ku kulasi. Mti ule unaosukuma supapi ulikuwa umekwaruzwa, fasi zake ku kulasi zimeliwa, segma zimekwisha, silinda iko na mistari, na biele inacheza. Kutengeneza yote kuliomba karibu nusu ya bei ya moto. Na moteri ile haikuwa na kosa lolote toka ku isini. Ilikosa litri moja ya mafuta, mara nyingi.

Hapa njo tunataka muangalie hesabu vizuri, kwa sababu watu wanasema "katre tan haikule mafuta, de tan inakula". Tuseme manseba anatembea kilometa 100 kwa siku, siku 26, hiyo ni kilometa 2600 kwa mwezi. De tan ya 100, ikiwa na muzigo, tuihesabie kilometa 28 kwa litri moja ya esanse. Itaomba litri karibu 93, na kwa mililitri 20 mu kila litri itakula mafuta karibu litri 2. Katre tan tuihesabie kilometa 45 kwa litri. Itaomba esanse litri 58. Na mafuta? Kitabu cha moto kinaweza kuruhusu kilometa zaidi mbele ya vidanji, lakini mu vumbi letu na muzigo wetu, sisi tunashauri kila kilometa 1500. Kwa kilometa 2600 ni litri karibu 2.

Munaona? Mafuta ni karibu sawasawa. Tofauti ni moja tu: de tan inakulazimisha kuyalipa kila siku pamoja na esanse, na ukikataa inakuangusha leo. Katre tan inakuacha ujidanganye miezi sita, kisha inaomba yote mara moja. Wale wanaosema katre tan za leo "ni za plastiki", mara nyingi wanasema juu ya moto ambazo hazikufanyiwa vidanji.

Esanse sasa. Kati ya litri 93 na litri 58 kuko litri 35 kwa mwezi. Bei ya pompi inageuka kila mara, lakini tuseme litri ni dola moja na nusu: ni dola 52 zinazobakia kila mwezi. Kama de tan ya okazio ilikuwa dola 600 na katre tan mpya dola 1200, ile dola 600 ya zaidi inarudi mbele ya mwaka moja kwisha. Kwa moto ya manseba, hakuna tena ubishi. Na kwa vile esanse ni ya manseba, musidanganyike kwamba faida ni yake peke yake: kijana anayetumia esanse kidogo anaweza kuleta vesema ya kweli, yule anayekula litri tatu na nusu kila siku atakuja kila jioni na hadisi.

Lakini mutu anayeenda posti tu, kilometa 20 kwa siku, siku 24? Hiyo ni kilometa 480. De tan itaomba litri 17, katre tan karibu 11. Tofauti ni litri sita na kidogo, dola kama 10. Dola 600 zitarudi kisha miaka tano. Kwa mutu huyo hatuwezi kusema kwamba de tan ni ujinga. Kama ni nzima kweli, kama inalala inje mu kibanda chenye kufuli na si mu salo, kama fundi anayeijua yuko karibu, anaweza kuichukua na feza inayobakia ilipe masomo. Ila tena aangalie piesi. Katre tan za leo, kila duka la kartye liko na segma, silinda na supapi zake. Piesi za asili za zile Yamaha zinatafutwa Lubumbashi ao zinaagizwa, na zile za kuiga ziko nyingi: pisto inaonekana ileile, kisha inavimba na joto.

Juu ya fundi, tuseme kweli. De tan ni rahisi kufungua. Buluni chache, kulasi inatoka, silinda inatoka, pisto iko mu mukono wako. Turneri anapanua silinda kidogo, unaweka pisto ya ukubwa unaofuata, na jioni moto inawaka. Fundi wa kartye, na funguo tano na nyundo, anafanya hiyo. Ndiyo sababu watu wanasema ni moto ya masikini. Lakini shida ya kweli ya de tan iko chini, mu jwen spi, zile pete za mupira mbili zinazoziba pembeni za vilebreke. Zikichoka, kazi ya funguo tano imekwisha. Ni kupasua karteri, na wengi wanaipasua kwa bisi na nyundo, kisha haizibe tena.

Kwa hiyo, mbele ya kununua de tan ya okazio, mufike bila kutoa habari, asubui, na mushike moteri kwa mukono. Ikiwa ya moto, muuzishaji alikwisha kuiwasha ili isiwape haya. Murudi siku ingine. Ikiwa baridi, muwashe, muache ipate joto, kisha mufunge gazi. Moteri ambayo inabakia kulia juu na haitaki kushuka ku ralanti, mara nyingi inavuta hewa pembeni, na jwen spi ya upande wa manyeto njo ya kwanza kushitakiwa. Moteri ya namna hiyo inakosa mafuta na itashika. Ikitoa moshi nyeupe nene isiyokwisha, hata kisha kupata joto, na mafuta ya buati ya vitesi yanapungua bila kumwagika chini, jwen spi ya upande ule mwingine inayanyonya na kuyaunguza. Katika zote mbili, muondoke, hata kama rangi inangaa.

Katre tan ya okazio iko na ishara zake. Mutoe kijiti cha kupimia, mukipanguse, mukirudishe, mukitoe tena. Mafuta meusi ni kawaida. Mafuta ambayo hayafike ku alama si kawaida, na inaonyesha tabia ya mwenye moto zaidi ya hali ya moto. Muangalie moshi ya bulu inakuja saa gani. Ikitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha inapotea, mara nyingi ni mipira midogo ya supapi, na hiyo haiko gali. Ikitoka kila mara munapovuta gazi, ni segma na silinda, hapo mushushe bei ao muache. Na kelele ya supapi: watu wanaiogopa bure. Supapi inayopiga tiki-tiki kidogo iko na nafasi zaidi ya lazima, fundi anairekebisha kwa kale, moteri ikiwa baridi na pisto ikiwa juu. Ile ambayo fundi aliikaza mpaka ikanyamaza kabisa njo ya kuogopa, kwa maana haifungi vizuri ikipata joto, moto wa silinda unailamba ukingo, na siku moja moto inakataa kuwaka saa sita ya muchana lakini asubui iliwaka. Mukisikia hadisi hiyo, "inasumbua ikiwa na joto tu," muombe fundi apime nafasi ya supapi mbele ya kubadilisha buji na karbiratere.

Watu wanatuuliza tena kama katre tan inaomba fundi mwenye masomo makubwa. Hapana. Kuko moja ambayo iliundwa kabisa kwa ajili ya watu wasiofanya vidanji: Honda CG 125, iliyotoka mu 1976. Badala ya shene inayozungusha supapi ku kichwa, waliweka vijiti vinavyozisukuma toka chini, kwa sababu waliona mu inchi kama zetu shene ile inalegea na hakuna anayeiangalia. Wa Shina wakaiga moteri ile kwa miaka mingi, na moto zao nyingi za bei ya chini ziko na vijiti vile mpaka leo. Inapiga kelele zaidi, haina mbio sana, lakini fundi wa kawaida anaielewa. Mukikosa feza ya TVS ao ya Boxer, muulize muuzishaji: "Hii ni ya shene ao ya vijiti?" Akishindwa kujibu, muulize fundi mbele ya kulipa.

Tunamaliza na maneno ya mapatano, kwa sababu pale njo feza inapotea. Kuko kampuni na wafanya biashara wanaotoa moto kwa deni na kukata ku mushahara. Mbele ya kutia sini, muombe iandikwe aina ya moteri, namba yake, bei yote ku mwisho na si ile ya mwezi tu, na nani analipa vidanji ya kwanza, ile ya kilometa 500 ao vile kitabu cha moto kinasema. Ile ya kwanza ni ya lazima, kwa maana moteri mpya inatoa unga wa chuma mu mafuta. Delege wa sindika anaweza kusoma karatasi pamoja na ninyi. Mulete mbele ya sini, si nyuma.

Na pamoja na manseba, yule ndugu wa posti ya usiku alikwisha kutengeneza moto yake na kuandika mapatano mengine, ambayo sasa tunawapatia wengine waige. Mafuta ya moteri ni ya mwenye moto. Manseba anapima na kijiti kila asubui mbele ya kutoka, moto ikiwa imesimama sawasawa. Kila siku ya mungu ya pili anakuja nayo ku nyumba, wanasoma kilometa, na bibi ya mwenye moto njo anaandika namba mu kaye. Mafuta yanamwagwa moteri ikiwa na joto kidogo, mu beseni, wanaangalia kama kuko vipande vya chuma, wanaweka litri moja mpya toka mu bidon iliyofungwa, iliyonunuliwa mu duka. Vesema ya siku ile haiombwe.

Kaye ile tuliiona mwezi uliopita. Iko na mistari kumi na moja.